Alishalipwa mara moja, ndo maana hakunisikia

Miaka kadhaa nyuma nilimwonya mtu wangu wa karibu kuhusu mchongo wa kuzalisha hela mtandaoni na nilikuwa sahihi asilimia mia, na bado onyo langu lilimuumiza kuliko kama ningenyamaza. Aliposti tangazo mbele ya watu wote tunaofahamiana, mimi nikajibu palepale chini yake, "Huu ni utapeli, amkeni jamani." Nilidhani nimefanya la maana. Haikupita saa moja akaweka skrinishoti ya hela iliyoingia kwenye akaunti yake, watu wakaanza kuniuliza mimi ushahidi uko wapi, na ushahidi sikuwa nao, nilikuwa na hisia tu na uzoefu wa kuona vitu kama hivyo. Nikaishia kuandika "subirini mtaona". Wakaona kweli, baada ya miezi miwili, na yeye alikuwa ndani mpaka siku ya mwisho.

Kitu alichokuja kuniambia baadaye sijakisahau. Alisema wiki ya tatu alishaanza kupata wasiwasi, alitamani kutoa hela zake, ila kila akikumbuka yale maneno yangu anaona kutoka sasa hivi ni kukubali mbele ya kila mtu kwamba alikuwa mpumbavu. Kwa hiyo akabaki. Mimi ndo nilimfungia mlango wa kutokea.

Mwaka huu limetokea tena, kwa rafiki mwingine, tumesoma wote na tunaitana dada mpaka leo, na safari hii nilikaa chini nikafikiria kabla ya kugusa simu. Nataka nieleze nilichofanya hatua kwa hatua maana naona watu wengi wanarudia kosa langu la kwanza kila siku.

Tangazo lilikuwa hivi. Kuna apu, unaweka hela, kila siku unapata 3%, unaweza kutoa muda wowote, na ukimleta mtu unapewa 10% ya alichoweka. Dada alilirusha kwenye grupu letu na maneno yake mwenyewe kwa chini, "mimi nimeshalipwa, msije mkasema sikuwaambia". Na skrinishoti.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpigia simu, siyo kumwandikia, kumpigia nikasikia sauti yake. Sababu ni kwamba akaunti za watu zinaibiwa kila siku na mwizi akishaingia kitu cha kwanza anachofanya ni kuposti ofa kama hizi kwa jina la mwenye akaunti, kwa sababu marafiki zake wanamwamini. Unaweza ukakaa unambembeleza mtu kwa ujumbe kumbe unabishana na tapeli mwenyewe na anakujibu vizuri tu. Na usifikiri hii inawapata watu wadogo peke yao. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Elon Musk na kampuni ya Apple zote ziliandika kitu kimoja kwamba ukituma bitkoini unarudishiwa mara mbili, na zilikuwa akaunti zao halisi zenye alama ya kuthibitishwa, wezi walikuwa wameingia kupitia mifumo ya ndani ya Twitter yenyewe, na watu walituma bitkoini za thamani ya zaidi ya dola 100,000 kabla haijazimwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "lakini ni ukurasa wake kabisa", hiyo peke yake haitoshi.

Dada alipokea. Ni yeye. Anacheka, ana furaha, anasema nimechelewa. Sikumwambia chochote siku hiyo kwenye simu kuhusu utapeli, nilimuuliza tu kaweka kiasi gani na kalipwa kiasi gani, nikamwambia naomba niiangalie halafu nitakutafuta. Nisingeweza kusema zaidi maana sikuwa na kitu mkononi, na nilishajifunza kwamba ukienda mikono mitupu kwa mtu aliyelipwa unashindwa wewe.

Hapa ndo penye ugumu wote wa jambo hili na naona watu wanapapita haraka. Sisi tunaoonya tunamwona rafiki kama mtu asiye na akili, wakati kwa upande wake yeye ndo mwenye ushahidi. Aliweka 100, kila siku akaona 3 imeongezeka, siku ya tano akajaribu kutoa 15 na ikaingia kwenye simu yake ndani ya dakika chache, hela ya kweli, akaitumia. Wewe una maneno, yeye ana hela. Ukimwambia "hawalipi hao" umeshasema uongo kwa macho yake na kila utakachosema baada ya hapo hakisikii. Kwa hiyo neno la kwanza la kweli ambalo onyo linatakiwa liwe nalo ni, "ndiyo, umelipwa". Halafu ndo unaeleza kwa nini malipo yenyewe ni sehemu ya mtego.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu ili niweze kumweleza bila kubabaika, na ni hesabu ndogo kabisa. Chukua watu 10, kila mmoja ameweka 100, ya hela yoyote unayotumia. Zimeingia 1,000. Kila mmoja kaletwa na mtu, na aliyemleta anachukua 10%, kwa hiyo 100 imeshatoka siku ileile, zimebaki 900. Sasa hao watu 10 wanatakiwa kulipwa 3% kila siku, yaani 30 kwa siku kwa wote. 900 gawanya kwa 30 unapata siku 30. Mwezi mmoja mzima apu inaweza kumlipa kila mtu kila siku bila kuchelewa hata mara moja, bila kufanya biashara yoyote, kwa kuwarudishia tu hela yao wenyewe kidogo kidogo. Siku ya 31 kwenye kapu hakuna kitu, na kila mtu kapokea 90 kati ya 100 yake huku kwenye skrini akiona mtaji wake bado upo wote. Na hapo wenye apu hawajajichukulia hata senti.

Ndo maana wanahimiza usitoe. Wanakupa bonasi ukiiacha hela "izae", wanakupandisha kiwango, kwa sababu kila anayeacha hela ndani anairefusha ile mwezi mmoja ikawa miezi mitatu, minne. Na ndo maana wanataka ulete watu. Wale 10 wa mwanzo siku ya 31 watalipwa na hela za wengine, na hao wengine watalipwa na wengine tena.

Kuna kipande kingine cha hesabu ambacho kinaonyesha kwamba hakuna biashara ya kweli nyuma yake. 3% kwa siku ukiiacha ijizidishe yenyewe mwaka mzima, hela yako inakuwa mara 48,000 na zaidi. Ukiweka 100 unatoka na karibu milioni 4.8. Mtu mwenye mashine ya namna hiyo hahitaji 100 yako, angeanza na mshahara wake wa mwezi mmoja akaacha kazi, asingehangaika kutafuta watu kwenye magrupu.

Tena siyo kitu kipya hata kidogo. Charles Ponzi, yule ambaye utapeli wa aina hii umepewa jina lake, alikuwa Boston mwaka 1920 akiahidi faida ya 50% kwa siku 45. Ukijumlisha 3% ya kila siku kwa siku 45 unapata 135%, yaani apu ya dada ilikuwa inaahidi zaidi ya mara mbili ya Ponzi mwenyewe. Kuna sehemu ya habari yake naipenda kwa sababu inafanana sana na ile skrinishoti. Mwezi Julai gazeti moja lilipoanza kumhoji, watu walikuja kwa wingi kudai hela zao, na yeye akawalipa, akiwapa kahawa na maandazi matamu pale kwenye foleni, na wengi walipoona wenzao wanalipwa wakageuka wakaacha hela zao. Malipo yaliwatuliza. Mwezi uliofuata alikamatwa. Na aliyemshika pabaya hakumtukana, mchambuzi wa mambo ya fedha aitwaye Clarence Barron aliuliza tu hela inatoka wapi. Ponzi alidai anafanya biashara ya kuponi za posta za kimataifa, vikaratasi vya kubadilisha kwa stempu, ikapigwa hesabu kwamba kwa hela alizopokea zingehitajika kuponi milioni 160 ziwe kwenye mzunguko, na zilizokuwepo zilikuwa kama 27,000.

Hilo swali, hela inatoka wapi, ndo niliamua kwenda nalo. Siyo neno utapeli. Neno utapeli linamlazimisha mtu ajitetee, swali linamfanya atafute jibu, na akilikosa mwenyewe inamkaa kuliko ukimwambia wewe.

Kabla ya kumtafuta niliangalia vitu viwili tu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvikagua kwa simu. Cha kwanza umri wa tovuti yao. Unaingia lookup.icann.org, unaandika anwani ya tovuti bila mbwembwe nyingine, unatafuta mstari ulioandikwa Created. Hawa walijiandika kwamba wapo sokoni tangu 2014, tovuti ilisajiliwa wiki 7 zilizopita. Sasa niwe mkweli, tovuti mpya peke yake haimaanishi wizi, kila biashara halali ilianza na tovuti mpya, na tovuti ya zamani nayo inaweza kununuliwa. Kinachosema kitu ni ule uongo katikati, kampuni inayodai ina miaka mingi na nyumba yake ina wiki 7.

Cha pili leseni. Hapa wengi wanaingizwa chaka kwa sababu matapeli wanatoa cheti, tena kizuri, chenye muhuri na namba, na mara nyingine ni cheti cha kweli. Ila ni cheti cha usajili wa kampuni. Kusajili kampuni ni jambo la kujaza fomu na kulipa ada, haikupi ruhusa ya kupokea hela za watu kwa ahadi ya faida. Ruhusa hiyo inatolewa na msimamizi wa masoko ya mitaji au benki kuu kutegemea na nchi, na majina ya waliopewa kwa kawaida yanakuwa kwenye tovuti ya huyo msimamizi, unaingia mwenyewe kwa anwani yake rasmi, siyo kwa kubonyeza linki waliyokupa wao. Niliingia nikatafuta jina, halikuwepo.

Sasa kumfikishia. Kwenye grupu kulikuwa na watu zaidi ya arobaini wanaoiona ile linki, wawili walishauliza "naanzaje?", kwa hiyo kunyamaza kabisa hadharani nisingeweza, ningekuwa namlinda dada huku wengine wanaingia. Lakini pia sikutaka kumvua nguo. Nikaandika hivi, "Asante dada kwa kutushirikisha. Mimi kabla sijaweka nimetafuta leseni yao ya kupokea hela za wawekezaji kwa msimamizi sijaiona, mwenye namba ya leseni atuwekee hapa. Tushike hela zetu kwanza mpaka tupate jibu." Basi. Hakuna neno moja linalomgusa yeye, swali linaielekea kampuni, na anayetaka kuingia amepata sababu ya kusubiri. Na dada mwenyewe nimempa nafasi, kama jibu likikosekana anaweza kusema "kweli jamani hata mimi sijaiona" na akatoka na heshima yake.

Halafu palepale nikaingia inboksi kabla hajaanza kujiuliza nimemaanisha nini. Ule ujumbe niliuandika mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mrefu, una hesabu yote, una Ponzi, una kila kitu, nikaufuta maana mtu akipokea ukurasa mzima wa onyo anasoma mistari miwili anajua anahukumiwa. Wa pili ulianza na "usinielewe vibaya", nikaufuta pia, hayo maneno yanamwandaa mtu akuelewe vibaya. Niliotuma ni huu:

"Dada, hongera kwa ile 15 iliyoingia. Nimeiangalia apu kama nilivyokwambia, kuna kitu kimoja sikielewi upande wao na nataka tukiangalie pamoja. Ukipata dakika kumi nipigie. Ombi langu moja tu, usiongeze hela nyingine mpaka tuongee."

Hilo ombi la mwisho ndo lilikuwa kiini. Kama angekubali kitu kimoja tu mwaka huu ningetaka akubali hicho, kwa sababu hasara kubwa haitokei kwenye ile 100 ya kwanza, inatokea pale mtu anapoongeza baada ya kulipwa.

Akaona. Ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha anaandika tena, halafu kimya. Siku mbili. Nilitamani sana kumfuata, kumtumia habari za waliolizwa, kumtumia video. Sikufanya. Siku ya pili jioni nilimtumia ujumbe wa mambo mengine kabisa, kuhusu mtoto wake aliyekuwa anaumwa, ili ajue mlango uko wazi na simkasirikii.

Akapiga usiku. Hakuanza na habari ya apu, alianza na mtoto, tukaongea, halafu akasema taratibu, "ile hela nimeshaongeza." Siku ileile ya tano, baada ya kulipwa 15, alikuwa ameongeza 500. Na alishamleta dada yake wa damu na 200 zake, na shemeji. Nikaelewa kwa nini alikuwa anaitetea vile. Anayeitetea ofa kwa nguvu mara nyingi hatetei kampuni, anawatetea watu aliowaleta, kwa sababu ofa ikiwa ya uongo basi yeye ndo aliyewaingiza. Ukilijua hilo unaacha kubishana naye na unaanza kumsaidia atoke.

Nikamwambia, dada, hata wewe umedanganywa vilevile kama wao, hukujua. Halafu nikamweleza ile ya watu 10 na 1,000, pole pole, akawa anaandika upande wake. Alipofika mwenyewe kwenye siku ya 30 akanyamaza, akauliza, "kwa hiyo ile 15 ilikuwa hela yangu?" Nikasema yako au ya mwingine aliyeingia kama wewe.

Sikumwomba aniamini. Nilimwomba afanye jaribio moja, atoe hela yote, siyo kidogo. Watu wanajaribu kwa kutoa kidogo na hicho ndo kipimo ambacho apu imeandaliwa kufaulu, kidogo wanalipa kwa furaha maana ndo chambo. Yote ndo inaonyesha kama hela ipo. Nikamwambia kabisa kitakachoweza kutokea, wakikulipa yote mimi nitakuomba radhi tena kwenye grupu, lakini wakikwambia ulipe kitu kwanza, iwe kodi, ada ya uhakiki, kufungua akaunti, jina lolote, usilipe, waulize kwa nini wasikate kwenye hela yako iliyomo humohumo.

Siku hiyo ilikuwa ya 17. Alikuwa na 600 za kuweka, zinampa 18 kwa siku kwa siku 12, yaani 216, kwenye skrini zinasoma 816. Akabonyeza kutoa yote. Ikakaa "inashughulikiwa" mpaka asubuhi, kisha ukaja ujumbe wa mtoa huduma, mpole sana, kwamba kiasi kikubwa kinahitaji kulipiwa kodi ya 20%, alipe 163.2 kwenye namba fulani ndani ya saa 24 la sivyo akaunti itasimamishwa.

Alinitumia skrinishoti bila neno lolote. Baadaye kaniambia kwamba kama nisingekuwa nimelitaja kabla, angelipa. Kwa sababu ukiwa unaona 816 iko mbele yako, 163 inaonekana ni kidogo, na ile saa 24 inakukimbiza. Aliwauliza lile swali, kwa nini msikate humo, mkanipa 652 iliyobaki. Wakasema mfumo hauruhusu. Akauliza tena. Wakasema kodi haiwezi kukatwa kwenye faida. Akauliza mara ya tatu, wakamfungia. Kodi ya kweli ama inakatwa kwenye hela yenyewe kabla hujaipata ama unailipa wewe kwa mamlaka ya kodi ukishaipata, humlipi mtu kwenye namba yake ili akupe hela yako. Hawakukata kwa sababu hakuna cha kukata, 816 ilikuwa ni tarakimu zilizoandikwa kwenye skrini.

Alipoteza 585. Sikumwambia nilikuambia, wala sikumwambia bora umejifunza. Tulifanya mambo ya haraka, alipiga simu kwa mtoa huduma wa hela na benki kuripoti ile miamala, akahifadhi skrinishoti za mazungumzo na namba kabla hazijafutwa, akabadilisha nywila kwa sababu ile ya apu alikuwa anaitumia kwenye barua pepe pia. Hela ikishapita siku nyingi uwezekano wa kuirudisha ni mdogo na nilimwambia hivyo bila kupamba, ila nikamwonya na kitu kimoja zaidi, kwamba siku zijazo atatafutwa na watu wanaojiita wataalamu wa kurudisha hela zilizoibiwa, wanaomba ada kidogo kwanza. Mara nyingi ni walewale, au wamenunua orodha ya walioibiwa. Haikufika wiki akatafutwa.

Kilichobaki kilikuwa dada yake na shemeji. Aliandika ujumbe akanitumia kwanza niusome. Ulianza na "mimi ni mjinga sana naombeni mnisamehe". Nikamwomba aitoe hiyo sentensi, siyo kwa kumfariji, ila kwa sababu mtu akisoma hivyo anaanza kumbembeleza yeye badala ya kukimbilia hela yake, na mwenye hasira anapata pa kumalizia hasira. Akabakisha haya:

"Ile apu niliyowaletea nimejaribu kutoa hela yote wamekataa, wanataka nilipe kwanza. Mimi nimesimama hapo. Tafadhali msiongeze chochote, jaribuni kutoa yote, na mkiambiwa mlipe ada msilipe. Nipo hapa tuongee."

Shemeji hakujibu mpaka leo. Dada yake alijibu baada ya dakika tatu, "Nitoe leo au nisubiri Ijumaa ile bonasi iingie?"

Akamjibu, "Leo. Yote."